Kinundu juu ya kifundo cha mkono: ni ganglioni au ni kitu kingine?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 29, napika chapati na maandazi ya kuuza hapa Tanga. Mwezi wa tisa huu nina kinundu juu ya kifundo cha mkono wa kulia, upande wa nyuma. Ni kigumu, ukubwa wa gololi. Nikipika sana kinavimba, nikipumzika siku mbili tatu kinapungua. Kinauma nikikanda unga na nikisujudu. Duka la dawa wamenipa antibayotiki mara mbili, hakikuondoka. Mama mkwe anasema kichanjwe kikamuliwe, jirani anasema kipigwe na kitabu kizito. Mimi naogopa saratani, maana shangazi yangu alifariki kwa uvimbe wa titi. Je, nikatwe?"*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa msiba wa shangazi. Kuna jambo moja katika maelezo yako lililonituliza kabla sijafika mwisho, nalo ni kwamba ukipumzika kinapungua. Uvimbe wa saratani hauna tabia hiyo. Ukishaanza, hukua, polepole au haraka, wala hausubiri upumzike ndipo unywee. Kinundu kinachojaa kwa kazi na kunywea kwa mapumziko, kikakaa juu ya kifundo kwa mwanamke wa umri wako, mara nyingi mno huwa ni ganglioni, yaani kifuko cha ute kilichochipuka kutoka kwenye kiungo. Hakuna uvimbe tunaouona mkononi mara nyingi kuliko huu, na wanaoupata zaidi ni wanawake wa kati ya miaka 20 na 40. Haugeuki kuwa saratani hata ukikaa nao miaka, na hauna undugu wowote na ugonjwa wa shangazi yako. Kwa sababu ya historia hiyo ya familia ni vizuri ukakaguliwe matiti, lakini hiyo ni safari nyingine, usiichanganye na mkono.

Nimesema "mara nyingi mno" kwa kuwa sijakishika. Nitakueleza kinatoka wapi, jinsi ya kukitazama mwenyewe, na vitu gani vinavyofanana nacho, hasa kimoja ambacho huku kwetu hukosewa sana.

Kifundo cha mkono si kiungo kimoja. Ndani yake mna mifupa midogo minane iliyopangwa safu mbili, na kila mmoja umefungwa kwa jirani yake kwa kano fupi ngumu. Katika safu iliyo upande wa kiwiko kuna mifupa miwili inayokaa bega kwa bega, skafoidi na lunati. Kano inayoishika miwili hiyo kwa upande wa nyuma ndiko zinakoanzia ganglioni nyingi za mahali pako. Ukitaka kupafikia, kunja kifundo kuelekea chini, kisha weka kidole cha mkono wa pili juu ya kidole chako cha kati na ukiburute kurudi nyuma, upite mgongo wa kiganja. Kabla tu hujagusa mfupa mkubwa wa mkono utaingia kwenye kibonde laini. Ganglioni ya kawaida hutokezea hapo hapo au karibu sana na hapo.

Kila unapoegemeza uzito kwenye kiganja kilicholala huku kifundo kimepinda kwenda nyuma, sehemu hiyo hubanwa. Haina maana kwamba chapati ndizo zilizoleta kinundu; wapo wanaokipata bila kufanya kazi yoyote nzito, na wengi hawakumbuki kuumia. Kinachoonekana kwenye darubini ni kwamba nyuzi za kano na ngozi ya kiungo hulainika mahali padogo, seli zake zikatoa ute, vijifuko vikaungana, hatimaye kifuko kimoja kikapenya katikati ya kano za vidole hadi chini ya ngozi. Unachokiona wewe ni kichwa tu. Chini yake kuna shina jembamba linaloteremka hadi kwenye kiungo, na hilo shina ndilo siri ya ugonjwa huu wote.

Shina hilo hufanya kazi kama vali ya tairi la baiskeli: hupitisha kuingia, hukataa kutoka. Miaka ya 1970 madaktari walichoma dawa inayoonekana kwenye eksirei ndani ya kiungo cha kifundo, wakaiona ikipanda na kuingia kwenye kifuko. Walipoichoma ndani ya kifuko chenyewe, haikurudi kwenye kiungo. Ndiyo maana ukikanda unga asubuhi nzima kinajaa, maana kila ukibana kiungo unasukuma ute kidogo juu. Ukipumzika, maji yaliyomo hunyonywa taratibu na mwili, kinundu kikapungua, lakini ute wenyewe hubaki na kuzidi kuwa mzito. Daktari akiuvuta kwa sindano hutoka mng'avu, unaonata na kuvutika, mzito kuliko ute wa kawaida wa kiungo.

Hapo pia pana jibu la kwa nini ni kigumu. Watu wengi huja wakiwa wameambiwa kwamba uvimbe laini ni salama na mgumu ni hatari. Kwa ganglioni kipimo hicho hakifai kabisa, kwa sababu ute ukishindiliwa ndani ya kifuko kidogo hukazana mpaka ukidhani umegusa mfupa. Na maumivu nayo hayafuati ukubwa. Pale pale kinapochipukia hupita tawi la mwisho la mshipa wa fahamu unaohudumia kiungo, na kifuko kidogo kilichojificha, kisichoonekana hata kwa macho, kinaweza kuubana ukaumia kuliko mwenye kinundu kikubwa kilichotoka nje.

Sasa kitazame mwenyewe. Kunja kifundo kwenda chini: ganglioni hujitokeza na kukaza. Kipinde kwenda juu, hupungua au hujificha. Kisha laza mkono mezani, uache kifundo kimetulia, na ucheze vidole vyote kama unayepiga kinanda, huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kinundu. Ganglioni hubaki mahali pake kwa sababu imejifunga kwenye kiungo. Kinundu kikisafiri kwenda mbele na nyuma pamoja na vidole, basi kimo kwenye kano za vidole au kwenye ala zinazozifunika, na hilo ni jambo jingine nitakalolieleza.

Usiku zima taa, ushikize tochi ya simu kwenye ubavu wa kinundu, iguse ngozi. Usimulike kutoka juu. Ute hupitisha mwanga, kwa hiyo kinundu chote hung'aa wekundu. Nyama ngumu haipitishi, inabaki kivuli. Kwa ngozi yetu nyeusi mng'ao huwa hafifu zaidi, ndiyo sababu chumba lazima kiwe giza kweli. Kipimo hiki kina mipaka yake: uvimbe wa mafuta nao huweza kupitisha mwanga kidogo, na ganglioni ndogo iliyo chini sana inaweza isionyeshe kitu. Kwa hiyo kiking'aa, ni habari njema inayoongezeka juu ya nyingine. Kisipong'aa, hujapata ugonjwa mbaya, umepata sababu ya kwenda kupimwa mapema.

Vinundu vingine vya mkono nitavipitia kwa kuvilinganisha na chako. Kipo kinundu cha mfupa ambacho hukaa mbele kidogo ya pale nilipokuelekeza, kwenye mashina ya mifupa ya kidole cha shahada na cha kati. Hicho ni mfupa uliojijenga, hakijai wala hakinywei, hakisogei hata kidogo, na eksirei ya kawaida hukionyesha. Wako waliopasuliwa wakidhaniwa wana ganglioni, daktari akakuta mfupa mtupu. Uvimbe wa upande wa kidole gumba, unaouma ukilaza kidole hicho ndani ya ngumi kisha ukainamisha mkono kuelekea kidole kidogo, huwa ni ala ya kano za gumba iliyovimba. Huwapata sana akina mama wanaobeba watoto wachanga, na tiba yake ni nyingine kabisa. Uvimbe wa upande wa ndani wa kifundo, pale unapopima mapigo, unaweza kuwa ganglioni pia, ila ukidunda chini ya kidole chako huenda ni mshipa wa damu uliotanuka, hasa kama uliwahi kuchomwa au kukatwa mahali hapo. Huo haufai kuguswa na sindano. Na kinundu kigumu kwenye kidole chenyewe, kinachokua taratibu bila maumivu na kisichopitisha mwanga, mara nyingi ni uvimbe wa seli za ala ya kano. Si saratani, lakini hutolewa kwa upasuaji, hauondoki kwa kungoja.

Ninaotaka tukae nao kidogo ni uvimbe wa kifua kikuu. Watu wengi hudhani kifua kikuu ni kukohoa tu, lakini vijidudu vyake vinaweza kusafiri katika damu na kutua kwenye ala za kano za mkono. Mgonjwa hakohoi, na hata picha ya kifua inaweza kuwa safi. Uvimbe wake huja polepole sana, miezi kwa miezi, hauna joto wala wekundu, maumivu ni kidogo, na kwa sababu hiyo huandikwa "ganglioni" kwenye daftari la zahanati. Tofauti zipo kwa anayezitafuta. Ganglioni ni duara yenye mipaka, lakini huu ni mrefu, unafuata njia ya kano, na mara nyingine unavimba juu ya kifundo na chini yake huku katikati pamebanwa na mkanda wa kano. Ukiubonyeza ni tepetepe, na ukichezesha vidole unahisi mkwaruzo, kwa sababu ndani yake hujaa chembechembe nyeupe zinazofanana na punje za mchele. Unasafiri na vidole. Baada ya muda vidole hukakamaa au havifungi ngumi sawasawa, na ukiwa upande wa kiganja huleta ganzi kwenye gumba, shahada na kidole cha kati. Haupungui ukipumzika.

Baridi yabisi ya aina ya rumatoidi nayo huvimbisha ala hizo hizo, ila huja na vifundo vya mikono yote miwili na ukakamavu wa asubuhi unaochukua saa nzima au zaidi kuachia.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu uvimbe wa kifua kikuu ukipasuliwa juu juu kama ganglioni, bila dawa zake, kidonda mara nyingi hakifungi. Hubaki tundu linalovuja wiki kwa wiki, mgonjwa akafungwa bandeji na kupewa antibayotiki zisizogusa ugonjwa. Ukitambuliwa kwa kuchukua kipande na kukipima maabara, hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu kwa miezi 6 au zaidi, na dawa hizo katika vituo vya umma hapa Tanzania hutolewa bure. Wewe, kwa ulivyoeleza, huna dalili zake hata moja. Lakini mtu mwingine anayesoma jibu hili huenda anazo, na wewe utakuwa unajua nini cha kumwonyesha daktari.

Tuje kwenye ushauri uliopewa. Antibayotiki huua bakteria. Ndani ya ganglioni hakuna bakteria wala usaha, kwa hiyo hata ungemeza za mwezi mzima kisingebadilika. Ukipewa tena, kataa kwa adabu.

Mama mkwe anakutakia heri, na kuchanja ni desturi iliyokuwapo kabla yetu. Mweleze hivi: kile kifuko kina shina linaloingia kwenye kiungo. Wembe ukikitoboa, unakuwa umefungua mlango wa kupeleka uchafu hadi ndani ya kifundo, na kiungo kikiingia usaha huharibika kwa siku chache, kikaweza kukakamaa maisha yote. Juu ya kinundu hupita matawi ya mshipa wa fahamu wa ngozi, na pembeni yake ipo kano inayoinua kidole gumba. Kukata kano hiyo ni rahisi kuliko mtu anavyodhani, na anayekanda unga bila gumba linaloinuka atajuta. Sitaji pepopunda na maambukizi ya damu kwa wembe uliotumika kwa mwingine, hayo anayajua. Na ukikikamua, ute unatoka, shina linabaki, kinarudi.

Kukipiga na kitabu ni jambo la zamani duniani. Wazungu walikuwa wakitumia Biblia, kwa kuwa ndicho kitabu kizito kilichopatikana kila nyumba. Kinachotokea ni kwamba kifuko hupasuka chini ya ngozi, ute ukatawanyika na kunyonywa, na mtu akaona kimeondoka. Shina na vali vimo pale pale, hivyo wengi kinawarudia. Katikati ya hapo kuna mifupa midogo na kano zinazopokea pigo lile lile, na wapo waliovunjika. Mwambie jirani ahsante, usitoe mkono.

Sasa kuhusu kukatwa. Njia za kweli ni tatu, na nitakupa kila moja na bei yake.

Ya kwanza ni kuiacha. Wagonjwa wengi hudhani daktari anayesema "tusubiri" hana la kufanya, lakini kwa ganglioni kusubiri kumepimwa. Huko Uingereza waliwafuatilia wagonjwa wenye ganglioni za nyuma ya kifundo kwa takriban miaka sita, wengine walipasuliwa, wengine walivutwa ute kwa sindano, wengine hawakutibiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kati ya wasiotibiwa, karibu nusu kinundu kiliondoka chenyewe. Na kwa maumivu, makundi yote matatu yalipata nafuu, bila tofauti kubwa mwishoni. Ndiyo maana mimi simpeleki mtu chumba cha upasuaji kwa sababu tu kinundu kipo. Namwuliza kinamzuia kufanya nini.

Ya pili ni sindano. Daktari anasafisha ngozi, anachoma ganzi kidogo, kisha anaingiza sindano nene, kwa maana ute mzito haupiti kwenye sindano nyembamba, na kuvuta. Mara nyingi hutoka mililita moja au mbili, kinundu kinalala hapo hapo, na unarudi nyumbani umefungwa bandeji. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba unaona kilichomo. Ute mng'avu unathibitisha ugonjwa. Kikitoka usaha, damu, au kisipotoka kitu, daktari anapaswa kusimama na kufikiri upya. Hasara ni kwamba zaidi ya nusu kinarudi, wengi ndani ya mwaka. Wengine huongeza dawa ya steroidi baada ya kuvuta. Haijaonyesha kupunguza kurudi kwa kinundu, na kwenye ngozi nyeusi inaweza kuacha doa jeupe na kibonde kinachochukua miezi kuisha. Mimi siiongezi. Na kumbuka niliyosema kuhusu upande wa ndani wa kifundo: huko mshipa mkubwa wa damu unapita ukigusana na kifuko, sindano ya kubahatisha haifai.

Ya tatu ni upasuaji, na hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, kwa kudhani kisu kinamaliza mambo. Upasuaji unaofaa haukati kichwa cha kinundu tu. Mpasuaji anafungua ngozi kiasi cha sentimita tatu hivi, anasogeza kano za vidole pembeni, anafuata shina hadi kwenye ile kano ya skafoidi na lunati, na kulitoa pamoja na kipande kidogo cha ngozi ya kiungo, bila kuijeruhi kano yenyewe. Kazi hiyo inataka ganzi ya mkono mzima au usingizi, mkanda wa kuzuia damu, na chumba cha upasuaji. Anayekuahidi kukutolea kwenye chumba cha kufungia vidonda kwa dakika tano atakuachia shina. Hata ukifanywa vizuri, hurudi kwa mmoja kati ya watano, na katika utafiti ule wa Uingereza ilikuwa karibu wanne kati ya kumi. Kovu linaweza kuvimba na kuwa keloidi, jambo linalotupata sisi Waafrika kuliko wengine, kwa hiyo angalia makovu yako ya zamani na umwambie daktari. Wachache hubaki na ganzi ya ngozi, au kifundo kisichokunjika chini kama awali. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kukanda unga kwa nguvu kungoje wiki sita hivi. Kwako wewe hizo ni wiki sita za biashara, au za kumlipa mtu mwingine akukandie. Hiyo nayo ni bei ya upasuaji, iweke kwenye hesabu.

Kama ungekuwa mbele yangu, nikakishika na kukuta ni kile ninachodhani, ningeanza na mkono wako jikoni kabla ya kitu kingine. Unakanda kwa kusukuma unga na kitako cha kiganja, kifundo kimevunjika kwenda nyuma na mwili wote umeegemea juu yake. Badili: kanda kwa ngumi, kifundo kikiwa kimenyooka na mkono wa juu, uzito upite moja kwa moja kwenye mfupa. Changanya unga, ufunike, uuache nusu saa kabla ya kuukanda. Ukirudi utakuta umelainika na unahitaji nguvu kidogo sana. Shusha meza, au panda juu ya kigoda, ili usukume kwa mwili ukiwa juu ya unga badala ya kuubana kutoka pembeni. Wakati wa kusujudu, weka taulo dogo lililokunjwa chini ya kitako cha kiganja, vidole viteremke mbele kwenye mkeka. Kifundo hakitapinda sana na maumivu yatapungua. Kukamua nguo nzito na kusugua sakafu kwa kuegemea mkono kuna madhara yale yale.

Siku zinazouma sana, vaa gango la kifundo la kufunga na kufungua, uvae ukiwa kazini na usiku kwa wiki mbili tatu, kisha uache. Ukilivaa miezi, kifundo kitakakamaa na misuli italegea. Jeli ya diklofenaki ya kupaka inaweza kukusaidia, au parasetamoli; kama una mimba, vidonda vya tumbo au shida ya figo, usitumie za kundi la diklofenaki kabla ya kuuliza.

Ningekupa miezi sita ya hivyo. Kila mwezi, siku ambayo hukupika, weka rula kando ya kinundu, kunja kifundo chini, na upige picha kwa simu. Jicho linasahau, picha haisahau. Baada ya miezi hiyo, kikiwa kimepungua au hakikusumbui, tunakiacha. Kikiwa bado kinakuzuia kukanda hata kwa ngumi, ningekivuta kwa sindano mara moja, ukijua huenda kikarudi. Kikirudi na maumivu yale yale, hapo upasuaji unakuwa na sababu, na ungeufanya msimu wa biashara ndogo.

Kabla ya kuanza yote haya, nenda mara moja kliniki ya mifupa ya hospitali ya rufaa ya mkoa, mtu akishike. Mwombe akutazame ukicheza vidole, na akimulike. Eksirei si lazima kwako, isipokuwa kinundu kikiwa mbele kidogo kuelekea vidoleni au kama uliwahi kuanguka na mkono. Utrasaundi inafaa akiwa na shaka, na inatosha: inaonyesha kama ndani ni ute au ni nyama, na kama kuna damu inayopita. Vipimo vya gharama kubwa zaidi ya hapo ningevikataa kwa sasa. Na ukija kupasuliwa siku yoyote, uliza kabla kama kitakachotolewa kitapelekwa maabara. Jibu liwe ndiyo.

Usingoje miezi sita ikiwa kinakua wiki hadi wiki bila kunywea, kimevuka sentimita tano, kinakuamsha usiku hata siku ambayo hukufanya kazi, kimeshikamana na ngozi au ngozi imechanika juu yake, vidole vimeanza kufa ganzi au kukosa nguvu, au una homa za jioni na unapungua uzito. Katika hayo nenda wiki hiyo hiyo. Kifundo kikiwa chekundu, cha moto, na huwezi kukisogeza kabisa, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge bila kuvutwa maji ya kiungo yakapimwe.